Barua pepe ya Kiingereza yenye kichwa cha Kiswahili: makosa ya kusahihisha kabla ya kutuma

Hapa Hombo, kwenye mpaka wa Walikale na Kalehe, mtu anaweza kutumia luga nne katika siku moja. Nyumbani anasema Kitembo ao luga ingine ya kwao, sokoni Kiswahili, kwa biro ya serikali Kifaransa. Kiingereza ndicho kinachokuja mwisho, na mara nyingi kinakuja kwa njia ya telefone: komite ya maji, kituo cha afya ao ushirika wa wakulima unapaswa kujibu barua pepe ya shirika lenye biro kubwa Nairobi ao Kampala. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua za namna hiyo zinaandikwa pia na wafanyabiashara.

Anayeandika anajua maneno ya Kiingereza. Shida ni kwamba sentensi inazaliwa kichwani kwa Kiswahili, halafu anaivalisha maneno ya Kiingereza. Maneno yanakuwa sawa lakini mifupa inabaki ya Kiswahili. Wakati mwingine hiyo haina hasara, msomaji anaelewa tu. Lakini kuna makosa machache yanayogeuza maana: mzigo ambao haujafika unaonekana umefika, na mkutano wa asubui unakuwa wa alasiri. Ni hayo tutayafuata hapa.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Barua hii tumeitunga kwa ajili ya somo, si ya komite fulani. Komite ya maji ina pampu iliyoharibika na inangojea mabomba ya plastiki kutoka Bukavu, kwa barabara ya taifa namba 3. Biro ya shirika imeuliza swali hili:

```
Haven't you received the pipes?
```

Katibu wa komite akajibu hivi:

```
Dear Madam,
Our president has received your message yesterday and he thanks you.
Yes, the pipes they did not arrive.
The pump is broken since Monday.
We need mechanic.
When the driver will reach Hombo, he will call us.
Explain us how to join the pipes.
The meeting is on Thursday at 4 o'clock.
We wait your answer.
```

Ukisoma barua hii na sikio la Kiswahili, haina kasoro kubwa. Kila mstari una sentensi nzuri ya Kiswahili nyuma yake. Ndiyo maana mwandishi hawezi kuona kosa kwa kuisoma tena na tena. Anapaswa kujua ni kipande gani cha Kiswahili kimemvuta.

Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo uliofungwa

Angalia neno moja tu: «hawajatutumia». Ndani yake muna watu (wa), kukataa pamoja na maana ya «bado» (ha na ja), sisi tunaotumiwa (tu), kazi yenyewe (tum), na kipande kidogo «i» kinachoonyesha kwamba kazi inafanywa kwa ajili ya mtu. Kiingereza hakifungi hivyo. Kinafungua mzigo na kupanga kila kitu mahali pake:

```
They have not sent it to us yet.
```

Neno moja limekuwa maneno manane. Anayewaza kwa Kiswahili anasahau kimoja kati ya hayo manane, ao anakiandika mara mbili. Karibu makosa yote ya barua yetu yanatoka hapo. Basi tufungue mzigo kipande kwa kipande.

Kipande cha kwanza: ni nani anayefanya?

Kwa Kiswahili tunasema «mabomba hayakufika». Jina liko, na ndani ya kitenzi muna tena «ya» inayorudia jina hilo. Ni lazima iwe hivyo. Katibu amefanya hivyo hivyo kwa Kiingereza: «the pipes they did not arrive». Ile «they» ni «ya» ya Kiswahili imevaa nguo ya Kiingereza. Kwa Kiingereza mtendaji anatajwa mara moja: ama jina, ama neno linalolisimamia, si yote mawili. Andika «the pipes did not arrive», ao «they did not arrive». Vivyo hivyo usiandike «my brother he is sick», andika «my brother is sick».

Kosa la pili la kipande hiki ni la mwanaume na mwanamke. Mwenyekiti wa komite yetu ni mama. Kwa Kiswahili «anashukuru» haisemi kama ni baba ao mama, na «yeye» ni ya wote. Kwa hiyo mkono unaandika «he» bila kufikiri. Katika salamu hiyo ni aibu ndogo tu. Lakini katika ripoti ya mgonjwa, ya mtoto aliyepotea ao ya shahidi, anayesoma Nairobi atamtafuta mtu mwingine kabisa.

Kwa «wake» tuna mtego mara mbili, kwa sababu Kifaransa nacho kinavuta. Kifaransa kinaangalia kitu chenye kumilikiwa: «son numéro» ni ya kiume kwa sababu namba ni neno la kiume, hata kama mwenye namba ni mama. Kiingereza kinaangalia mwenye kitu. Namba ya mama ni «her number», namba ya baba ni «his number», na namba yenyewe haina kazi. Ukishamaliza kuandika, tafuta kila «he», «his», «she» na «her», na kwa kila moja jiulize: nani huyu?

Kipande cha pili: wakati

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa kuwa luga mbili zinaonekana kufanana na hazifanani. Shuleni wengi wanafundishwa kwamba «tulipata» ni «we received» na «tumepata» ni «we have received». Ni kweli nusu. Kiswahili kinaruhusu kusema «nimepata barua yako jana», na Kifaransa nacho kinasema «j'ai reçu votre lettre hier». Kiingereza kinakataa. Ukitaja wakati uliokwisha pita, kama vile jana, Jumatatu iliyopita ao mwaka 2021, «have» na «has» zinaondoka:

```
Our chairwoman received your message yesterday.
```

Kama hautaji wakati, na jambo linalotakiwa ni matokeo ya sasa, «has received» ni sawa kabisa. Na ile tunayosema hapa kwetu, «tulisha pata», inaingia upande huo: «we have already received». Lakini ukiiongezea jana, unarudi kwa «received».

Sasa ubaya wake upande wa kukataa. Kwa Kiswahili «hayakufika» na «hayajafika» ni vitu viwili. Ya kwanza inafunga jambo: siku ya kufika ilipita, hayakuja. Ya pili inaacha mlango wazi: bado tunangojea. Katika mazungumzo ya Kivu tunasema «hayayafika» ao «bado hayafika», na maana ni ile ile ya kungojea. Katibu wetu kichwani alikuwa na «hayajafika», lakini akaandika «did not arrive». Msomaji wa Nairobi anaweza kuelewa kwamba mzigo umepotea, akaanza kumwandikia mwenye gari, wakati gari limekwama tu kwenye matope. Kila mara unapowaza «ja» ao «bado», andika «have not» ao «has not», na weka «yet» mwishoni:

```
The pipes have not arrived yet.
```

Kosa la tatu ni la «tangu». Tunasema «pampu imeharibika tangu Jumatatu», na wengine «niko natumika hapa tangu 2019». Mtu anaandika «the pump is broken since Monday» na «I am working here since 2019». Kifaransa na «depuis» yake kinasukuma upande huo huo, ndiyo maana kosa hili ni gumu kutoka. Kwa Kiingereza, jambo lililoanza zamani na bado liko linaandikwa kwa «has been» ao «have been»:

```
The pump has been broken since Monday.
I have been working here since 2019.
```

Tena «since» inakwenda na mwanzo: Jumatatu, 2019, asubui. Ukitaja urefu wa muda, neno linabadilika kuwa «for». Kwa Kiswahili watu wanasema «tangu siku tatu», na wanaandika «since three days». Sahihisha kuwa «for three days».

Kipande cha tatu: «atakapofika»

Mstari wa dereva unasema «when the driver will reach Hombo». Nyuma yake kuna «dereva atakapofika Hombo», ao kama tunavyosema barabarani, «wakati dereva atafika». Kiswahili kimeweka wakati ujao mara mbili: atakapofika, atatupigia. Kifaransa kinafanya vilevile. Kiingereza kinaweka wakati ujao mara moja tu, kwenye nusu ya pili. Baada ya «when», «if», «before», «after», «until» na «as soon as» hakuna «will»:

```
When the driver reaches Hombo, he will call us.
```

Kuna njia rahisi ya kujisahihisha, na inatoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Badala ya kuwaza «dereva atakapofika», waza «dereva akifika». Ile «ki» haibebi wakati ujao, na sentensi ya Kiingereza inatoka sawa bila kufikiri sana. «Tukipata mabomba, tutaanza kazi»: «If we get the pipes, we will start the work». Kiswahili kilichokuletea kosa ndicho kinakupa dawa yake.

Kipande cha ine: kwa nani, kwa ajili ya nani?

Kiswahili kina kile kipande kidogo, «i» ao «e», kinachoingia karibu na mwisho wa kitenzi. Tuma inakuwa tumia mtu, andika inakuwa andikia, eleza inakuwa elezea. Kikisha kuingia, mtu anakaa ndani ya kitenzi bila kuhitaji neno lingine: utuelezee, utuandikie, ututumie. Anayewaza hivyo anaandika «explain us», na Kifaransa kinamuunga mkono kwa «expliquez-nous».

Kwa Kiingereza inategemea kitenzi, na hapa hakuna kanuni moja. Kuna vitenzi vinavyompokea mtu moja kwa moja, kama Kiswahili: «send us», «give us», «show us», «tell us». Na kuna vingine vinavyodai «to» kati yake na mtu: «explain to us», «say to us», «describe to us». Katika barua za kazi, «explain» ndicho kinachokosewa sana. Kikikutatiza, kimbilia «tell us» ao «show us»:

```
Please explain to us how to join the pipes.
Please show us how to join the pipes.
```

Tumeongeza pia «please». Kwa Kiswahili adabu inakaa ndani ya kitenzi: «utuelezee» ni laini kuliko «tuelezee», na ukiongeza «tunaomba» inalainika zaidi. «Explain» peke yake kwa Kiingereza ni amri tupu. Katibu hakutaka kumwamuru yule mama wa biro. Ule u wa adabu ndio umebaki njiani, na «please» inaurudisha.

Mstari wa mwisho una kosa la jamaa hiyo hiyo. Tunasema «tunangojea jibu lako», bila neno katikati, kwa sababu ile «e» ya ngojea imeshafanya kazi. Kiingereza kinadai «for»: «wait for your answer». Vivyo hivyo kusikiliza mtu ni «listen to». Na kuna kinyume chake: tunasema «kuzungumza juu ya mabomba», mtu anaandika «discuss about the pipes». Hapo Kiingereza ndicho hakitaki neno katikati: «discuss the pipes».

Tena, «tunangoja» kwa Kiswahili ni kitu cha kila siku ao kitu cha sasa hivi. Kiingereza kinatenganisha. Kama mdomoni ungeweza kusema «tuko nangoja», andika «we are waiting». Hata hivyo, vitenzi kama «need», «know» na «want» haviingii katika umbo hilo: «we need», si «we are needing». Na ile «tuko na shida» yetu isiwe «we are with a problem», bali «we have a problem».

Fundi mmoja, ao fundi yule?

«We need mechanic.» Kiswahili hakina «a» wala «the», na mtu anaona kama ni mapambo. Si mapambo. Kiswahili kinasema jambo hilo hilo kwa njia ingine. «Tumepata pampu» ni pampu fulani, msikilizaji haijui. «Tumeipata pampu» ni ile tuliyokuwa tunaizungumzia. Ile «i» ndogo katikati ndiyo imefanya tofauti. Katika mazungumzo yetu tunatumia mara nyingi «ile»: «ile pampu ilifika».

Basi, kabla ya kuandika jina la kitu kimoja kinachohesabika, jiulize kwa Kiswahili: naweza kuweka «ile» ao «yule»? Kama ndiyo, andika «the». Kama ni chochote kati ya vingi, andika «a» ao «an». Jina la kitu kimoja kinachohesabika halisimami uchi kwa Kiingereza. Katibu alitaka fundi yeyote anayejua kazi, kwa hiyo ni «we need a mechanic». Angeandika «the mechanic», mama wa biro angeuliza: fundi gani? Ni kama tayari kuna mtu waliyekubaliana juu yake.

Kipimo cha «ile» hakiwezi kila kitu. Majina ya mahali kama Hombo, Goma na Bukavu hayachukui «the», hata kama tunasema «ile Hombo ya zamani». Lakini kwa barua ya kazi kipimo hicho kinatosha mara nyingi.

«Ndiyo» isiyo «yes»

Tumeacha kwa mwisho kosa lenye hasara kubwa, kwa sababu halionekani kabisa. Biro iliuliza: «Haven't you received the pipes?» Kwa Kiswahili ni «Hamjapata mabomba?» Mtu wa kwetu ambaye hajapata anajibu «ndiyo», na maana yake ni: ndivyo ulivyosema, hatujapata. «Ndiyo» inakubaliana na maneno ya mwenye kuuliza.

Kiingereza hakifanyi hivyo. «Yes» na «no» haziangalii swali lilivyoulizwa, zinaangalia jambo lenyewe. Mabomba yako? «Yes.» Hayako? «No.» Hata swali likiwa na kukataa ndani yake, jibu halibadiliki. Kwa hiyo katibu aliyeandika «yes» amesema kwamba mabomba yamefika, halafu katika mstari huo huo akasema hayakufika. Msomaji anabaki na maneno mawili yanayopigana. Na angejibu kwa neno moja tu, kama tunavyojibu kwenye telefone, biro ingeandika katika daftari kwamba mzigo umepokelewa, na mambo yangefungwa hapo.

Kifaransa kinaweza kusaidia kidogo: mtu aliyesoma shule anajua kwamba kwa swali la kukataa, asiyepata anajibu «non», na aliyepata anajibu «si». Kwa Kiingereza asiyepata anajibu «no» vilevile. Lakini njia salama ni kutomaliza jibu kwa neno moja. Andika sentensi nzima:

```
No, we have not received the pipes yet.
```

Hata ukisahau na kuacha «no», sentensi yenyewe inasema ukweli. Na wewe ukiuliza swali kwa mtu wa kwetu kwa Kiingereza, uliza bila kukataa: «Have you received the pipes?» Hapo «ndiyo» na «yes» zinakutana, hakuna anayepotea.

Saa ine si «4 o'clock»

Hili si kosa la sarufi, lakini linatoka mahali pale pale. Wengi wetu tunahesabu saa tangu jua linapochomoza: saa ine ya asubui. Katibu alitafsiri ine kuwa 4. Mama wa biro ataingia kwenye simu saa kumi ya alasiri, na komite imekwisha toka mkutanoni. Saa ya Kiswahili na ya Kiingereza zinatofautiana kwa saa sita: ine na sita ni kumi, kwa hiyo ni 10 a.m. Kama unahesabu kwa namna ya Kifaransa, 10 h 00, hauna la kubadilisha hapo.

Kuna saa moja tena ya kukumbuka. Saa ya Nairobi na Kampala iko mbele ya saa ya Kivu kwa saa moja. Wakati hapa ni 10:00, kule ni 11:00. Taja ni saa ya wapi.

Barua ikiwa imesahihishwa

Sasa tuiandike upya. Tumeacha mawazo ya katibu kama yalivyokuwa. Tumebadilisha tu yale tuliyoyaeleza.

```
Dear Madam,
Our chairwoman received your message yesterday and she thanks you.
No, the pipes have not arrived yet.
The pump has been broken since Monday.
We need a mechanic.
When the driver reaches Hombo, he will call us.
Please explain to us how to join the pipes.
The meeting is on Thursday at 10 a.m. Goma time.
We are waiting for your answer.
```

Neno «president» tumelibadilisha kuwa «chairwoman». Kwetu «prezida» wa komite ni jambo la kawaida, na Kifaransa kinasema «présidente». «President» si kosa la sarufi, ila kwa komite ndogo Kiingereza kimezoea zaidi «chairperson», na ukiandika «chairwoman» msomaji anajua mara moja kwamba ni mama.

Angalia pia urefu wa sentensi. Kila moja inasema jambo moja. Kiswahili kinaweza kuunganisha matano kwa «na», «halafu» na «kwa hiyo», msikilizaji akafuata bila shida. Anayewaza kwa Kiswahili akijaribu hivyo kwa Kiingereza, makosa yanaongezeka kwa kila kiungo. Sentensi fupi haipunguzi heshima ya barua.

Namna ya kupitia barua yako mwenyewe

Usisome barua nzima ukitafuta makosa yote pamoja, utayaruka. Soma mara ine, kila mara na swali moja. Mara ya kwanza angalia watu: kila «he» na «she» ni nani, na kuna jina lililorudiwa na «they» ao «he» bila sababu? Mara ya pili angalia vitenzi: palipo na jana, ondoa «have», palipo na «bado», weka «have not» na «yet», palipo na «since», weka «has been», baada ya «when» na «if», ondoa «will». Mara ya tatu angalia majina ya vitu kimoja kimoja: kuna lililosimama uchi, bila «a» wala «the»? Mara ya ine angalia kila «yes» na «no», na kila saa, ukijiuliza mtu asiyejua Kiswahili ataelewa nini.

Kama kuna mtu karibu, mpe asome barua ya Kiingereza na akuambie kwa Kiswahili alichoelewa. Usimwambie kwanza ulitaka kusema nini. Akisema «mabomba yamefika», umeona kosa kabla ya Nairobi kuliona.